Pampu Inayolia, Gari Linalokatika Mlimani

Gari likiwa mjini halina tatizo. Linawaka kwa mara ya kwanza, silensa imetulia, na linatoka kwenye taa kama kawaida. Ukishika barabara kuu na kukanyaga mafuta mpaka kasi 90 au 100, kutoka nyuma unaanza kusikia mlio mwembamba unaopanda kidogo kidogo. Baada ya muda injini inapoteza nguvu. Unakanyaga zaidi lakini gari haliitikii, linavuta na kuachia, na ukifika kwenye mlima linakaribia kuzima. Unasimama pembeni, unaacha dakika 10, unawasha tena, na gari linaondoka kana kwamba halikuwahi kuumwa.

Fundi wa kwanza utakayemsimulia haya atakuambia ununue pampu ya mafuta. Huenda akawa sahihi. Lakini dalili hizi zina wahusika wawili wanaokaa pamoja ndani ya tangi. Mmoja ni pampu iliyochoka, mwingine ni chujio dogo la kitambaa lililo kwenye mdomo wa pampu hiyo, ambalo limeziba kwa uchafu. Kuwatofautisha kunawezekana kabla ya kununua chochote, na kunahitaji geji moja ya presha pamoja na subira ya kuendesha gari mpaka litende kosa lake.

Tuanze na swali linalowachanganya wenye magari wengi: kwa nini gari lifanye kazi vizuri mjini na likwame barabara kuu tu? Chukua gari dogo lenye injini ya lita 1.5, mfano Toyota Probox, ambalo limejaa barabara za Tanzania na Kenya. Likiwa silensa hutumia petroli isiyozidi lita moja kwa saa nzima. Kwenye barabara tambarare kwa kasi ya 100 hutumia kama lita 6 au 7 kwa saa. Ukilikanyaga hadi chini kwenye mlima likiwa na mzigo, kwa muda huo mfupi linavuta mafuta kwa kiwango kinachoweza kukaribia lita 30 kwa saa. Pampu nzima ya gari la aina hii ina uwezo wa kusukuma takriban lita 80 hadi 100 kwa saa, na mafuta ya ziada yasiyohitajika na injini hurudishwa tangini na kifaa cha kurekebisha presha.

Sasa fikiria uwezo huo umeshuka mpaka lita 20 kwa saa. Mjini hutaona tofauti yoyote, kwa sababu injini inahitaji sehemu ndogo tu ya hizo 20. Upungufu unaanza kuonekana pale mahitaji yanapopita kile kinachofika, na hiyo ni barabara kuu, kupita lori, au mlima. Kwa hiyo gari linaloshindwa kwa kasi halijaanza kuumwa siku hiyo. Limekuwa likipoteza uwezo kwa miezi, na ziada ya pampu ndiyo iliyokuwa inauficha ugonjwa.

Katika magari mengi madogo ya petroli ya miaka ya karibuni, pampu huzama ndani ya tangi na hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma na kufungua kifuniko cha bati kilicho chini yake. Ukiivuta, hutoka kitu kizima chenye sehemu kadhaa: mota ndogo ya umeme, filta kuu, kifaa cha presha, na boya la geji ya mafuta. Chini kabisa, mahali ambapo mafuta huingilia, kuna mfuko bapa wa kitambaa cha nailoni. Huo ndio chujio la tangini. Nyuzi zake zimefumwa kwa ukaribu wa kuzuia chembe ambazo jicho huziona kwa shida, na kazi yake ni kuilinda pampu yenyewe. Filta kuu iko baada ya pampu, nayo hulinda nozeli.

Mahali lilipo chujio hilo ndipo penye siri ya mlio. Pampu imeundwa kusukuma, na katika kunyonya haina nguvu kubwa. Njia ya kuingilia ikiwa wazi, petroli hujaa ndani, hupoza mota na kulainisha sehemu zinazozunguka, na pampu hutoa mvumo wa chini usiosikika redio ikiwa imewashwa. Njia ikiziba, mota inaendelea kuzunguka kwa kasi ileile lakini mafuta hayafiki. Ni sawa na kunyonya juisi ya embe kwa mrija ulioziba nyama za tunda: mashavu yanabonyea na kinachoingia ni kidogo. Shinikizo mbele ya mdomo wa pampu linashuka, na kwa kuwa petroli ni rahisi kugeuka mvuke, mapovu madogo huzaliwa papo hapo. Yakiingia upande wenye presha kubwa hupasuka moja baada ya jingine. Kupasuka huko ndiko kunakofanya pampu ilie kwa sauti ya juu, na tangi la bati pamoja na sakafu ya gari huikuza sauti hiyo mpaka abiria wa nyuma wauliize kuna nini.

Pampu iliyochoka nayo hulia, ila kwa sababu nyingine. Gurudumu lake la ndani limelika, nafasi kati yake na ukuta wake imepanuka, au bushi za mhimili zimeisha. Brashi za kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota zimekwisha au zimeunguza sehemu zinazogusa. Mlio huu hausubiri barabara kuu. Ukigeuza ufunguo bila kuwasha injini, pampu hufanya kazi kama sekunde 2 ili kujaza presha, kisha hukata. Kaa kiti cha nyuma asubuhi gari likiwa baridi, mwambie mwenzako ageuze ufunguo, na usikilize. Mlio mkali unaosikika hapo hapo, kila mara, unaelekea kwenye pampu. Mlio ambao haupo asubuhi lakini unazaliwa baada ya nusu saa ya mwendo, ukapanda kadiri unavyokanyaga, na ukatoweka baada ya kupumzika, unaelekea kwenye chujio.

Kupumzika kwenyewe kuna maelezo yake. Pampu inaponyonya, uchafu huvutwa na kujibana kwenye kitambaa. Ikizimwa, mvuto unakoma, na sehemu ya uchafu ule huachia na kuzama chini ya tangi. Ndiyo maana baada ya dakika chache gari linaamka likiwa na nguvu zote, kisha linachoka tena uchafu ukirudi mahali pake. Pampu iliyochoka kwa joto nayo huweza kupata nafuu ikipoa, lakini kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi, na nafuu yake ni ya nusunusu. Dalili hii peke yake haitoshi kutoa hukumu, ila inaelekeza mkono.

Nitaeleza gari moja nililolifuatilia hadi mwisho, kwa sababu lilionyesha mambo mengi kwa wakati mmoja. Lilikuwa Probox ya biashara, inayobeba nyanya kutoka Ilula kushuka upande wa Morogoro na kurudi na bidhaa za duka. Kushuka hakukuwa na shida. Kurudi, kwenye mlima wa Kitonga baada ya Ruaha Mbuyuni, gari lilianza kulia na kukosa pumzi kwenye kona za katikati. Dereva alikuwa amebadilisha pampu miezi michache kabla kwa tatizo lilelile. Gari likapona, na sasa ugonjwa umerudi. Hukumu yake ilikuwa kwamba aliuziwa pampu bandia.

"Kaka, pampu ya zamani na chujio lake viko wapi?" fundi wa Iringa alimuuliza.

"Nilimwachia fundi, vilitoka pamoja vikawekwa vipya pamoja."

Jibu hilo ndilo lililofungua njia. Pampu mpya ilipofungwa, chujio jipya lilifungwa nayo. Gari likapona, na sifa zote zikaenda kwa pampu. Hakuna aliyejua kama pampu ya zamani ilikuwa na kosa, na hakuna aliyetazama ndani ya tangi.

Fundi aliunganisha geji ya presha kwenye bomba linalokwenda kwenye nozeli, akapitisha mpira wa geji nje ya boneti na kuifunga kwenye kioo cha mbele kwa nje, mahali ambapo anaweza kuisoma akiwa ndani. Geji yenye petroli haiingizwi ndani ya gari hata siku moja. Kwa injini ile, kipimo cha kiwandani ni takriban paundi 44 hadi 50, kipimo kilekile tunachotumia kwa upepo wa matairi. Likiwa silensa, geji ilisoma 46. Fundi anayeishia hapo, gari likiwa limesimama gerejini, atasema presha ni nzuri na kuanza kubadilisha plagi na koili.

Wakatoka kwenda kwenye mlima. Dakika za kwanza sindano ilitulia kwenye 45. Mlio ulipoanza, sindano ikaanza kuteremka pole pole: 40, 34, na injini ikaanza kuvuta na kuachia ilipopita 30. Haikuporomoka ghafla. Ilishuka kadiri mguu ulivyobaki kwenye eksileta, na ilipanda tena mguu ulipoinuliwa. Hiyo ilithibitisha kwamba injini inanyimwa mafuta, na kwamba plagi, koili na gia hazihusiki. Bado haikusema mwenye kosa ni nani kati ya wale wawili.

Kipimo cha pili ndicho kilichowatenganisha. Fundi aliinua kiti cha nyuma na kuzungushia waya wa pampu mita ya kubana, ile inayosoma mkondo wa umeme bila kukata waya. Pampu ndogo za aina hii, zikiwa na afya, huvuta kama ampea 4 hadi 7. Hii ilianza na 5. Mlio ulipopanda, mkondo ulishuka hadi kama 3 na kuanza kuyumba. Hapo inafaa kufikiri kidogo. Mota inayosukuma mafuta mazito dhidi ya presha hufanya kazi na kula umeme. Mota inayozungusha mapovu haina cha kusukuma, kwa hiyo umeme wake unapungua. Presha inashuka, mkondo unashuka, na sauti inapanda, yote kwa pamoja: hiyo ni njia ya kuingilia iliyoziba. Kama kizuizi kingekuwa baada ya pampu, kwenye filta kuu, pampu ingekuwa inasukumana na ukuta na mkondo ungepanda. Pampu yenye bushi zinazokwama pia huvuta mkondo mkubwa kuliko kawaida.

Walipoitoa, chujio la miezi michache lilikuwa limevaa koti la vumbi jekundu na chembe za kutu. Sakafu ya tangi, kwenye kona mbili, ilikuwa na matope laini. Dereva alieleza kwamba katika safari za usiku hununua petroli ya madumu vijijini, na mfuniko wa awali wa tangi ulipotea, akaweka mwingine usiofunga sawasawa. Pampu yenyewe haikuwa na kosa. Tangi lilishushwa, likasafishwa na kukaushwa, mfuniko ukabadilishwa, chujio jipya likafungwa kwenye pampu ileile. Kwenye mlima uleule geji ilibaki 45 mpaka juu, na mkondo ulikaa kwenye 5 bila kuyumba.

Sasa geuza upande wa pili, kwa sababu pampu kuchoka ni jambo la kweli na si la nadra. Pampu dhaifu mara nyingi hujitaja mapema zaidi. Geji huwa chini hata gari likiwa silensa, tuseme 36 badala ya 46, na haipandi kufikia kiwango chake hata mahitaji yakiwa madogo. Asubuhi gari huzungushwa starta kwa muda mrefu kabla ya kuwaka, kwa kuwa valvu ndogo ya pampu inayozuia mafuta kurudi imelegea na presha yote imevuja usiku. Kuna dalili moja ambayo karibu haina mpinzani: gari likigoma kabisa, ukipiga chini ya tangi kwa kiganja au kwa nyundo ya mpira pampu ikaamka, basi brashi zake za kaboni zimekwisha. Hapo nunua pampu bila kusita, maana safari itakayofuata inaweza kuishia porini.

Kabla ya kuihukumu pampu, kuna watu wawili wa kuwaondoa kwenye orodha, na wote ni wa bei nafuu. Wa kwanza ni umeme. Pampu yenye afya ikipewa volti 11 badala ya 13 na zaidi huzunguka polepole na kufanana kabisa na iliyochoka. Kipimo kifanyike kwenye plagi ya pampu yenyewe, injini ikiwaka na pampu ikifanya kazi, kisha kilinganishwe na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, tafuta rilei iliyoungua, plagi iliyogeuka rangi ya kahawia kwa joto, au waya wa ardhi wenye kutu. Wa pili ni mfuniko wa tangi. Tundu lake la kuingiza hewa likiziba, na njia nyingine za hewa zikiwa zimeziba, tangi hujinyonya lenyewe. Gari likianza kukosa nguvu, simama mahali salama na ufungue mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likapona papo hapo, hujahitaji kugusa pampu.

Wenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari wanaweza kupata ushahidi zaidi. Msimbo unaojitokeza mara nyingi ni `P0171`, maana yake kompyuta imeona mafuta ni machache ikilinganishwa na hewa. Msimbo huo huletwa pia na hewa inayovuja kuingia kwenye injini, na wengi hukimbilia kununua mipira ya hewa. Angalia masahihisho ya mafuta kwa asilimia. Hewa ikivuja, yanakuwa makubwa likiwa silensa na kupungua ukikanyaga. Mafuta yakikosekana, silensa inakuwa karibu na sifuri na namba zinapanda kadiri mzigo unavyoongezeka.

Kuhusu kazi yenyewe ya kufungua tangi, nasema kwa uzito: mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na hutafuta cheche. Presha itolewe kwanza kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini izime yenyewe, kisha waya hasi wa betri ufunguliwe. Kazi ifanyike nje, mbali na mtu anayechomelea au anayepika, na mtungi wa kuzimia moto wa unga ukiwa karibu. Tangi liwe na mafuta kidogo. Jaribio la kuichovya pampu kwenye ndoo ya petroli na kuiunganisha na betri kwa waya wa mkononi, ambalo nimeliona kwenye gereji za mitaani, lisifanywe kabisa, kwa sababu waya unapogusa betri hutoa cheche juu ya mvuke.

Kwenye chujio lenyewe makosa ni matatu na hurudiwa kila siku. La kwanza ni kulipuliza kwa upepo wa kompresa na kulirudisha. Upepo husukuma chembe ndani zaidi ya nyuzi na kutanua matundu, na chujio linaonekana safi huku likipitisha mchanga. La pili ni kulitoa kabisa ili "pampu ivute vizuri". Kweli itavuta, na itavuta pia kutu, ambayo itasaga gurudumu lake na kuijaza filta kuu. La tatu halionekani kwa haraka: chujio lenye umbo lisilo la gari hilo. Likikaa juu ya sakafu ya tangi badala ya kuilalia, kila mafuta yanapopungua na gari kuingia kona, pampu humeza hewa, na gari hukatika kwa sekunde mbili tatu kama vile halijatengenezwa. Kabla ya kufunga, weka la zamani na jipya juu ya meza na uyalinganishe urefu, pembe na tundu la kuingilia.

Na usidanganyike na rangi. Chujio linaweza kuwa halina vumbi hata chembe na bado likawa limeziba, hasa kwenye gari lililokaa muda mrefu bila kutumika. Petroli ya zamani huacha utomvu wa kahawia unaoganda kati ya nyuzi. Ukilishika linakuwa gumu badala ya kulegea kama kitambaa, na ukilielekeza kwenye mwanga halipitishi nuru. Hilo nalo ni la kutupa.

Kama uchafu ulikuwa mwingi, pampu iliyolia kwa miezi kabla ya kusafishwa huenda imekwisha kuumia kwa kukosa mafuta ya kuipoza. Kwa hiyo baada ya chujio jipya na tangi safi, rudi barabarani na geji kabla ya kulipa. Presha ikishika juu ya mlima na mlio ukatoweka, pampu ibaki. Presha ikishika lakini mlio mdogo ukabaki tangu asubuhi, inaweza kuendelea kwa muda, na mwenye gari la biashara afadhali abebe pampu ya akiba. Presha ikiendelea kushuka, sasa ndipo pampu inunuliwe, na itafungwa ndani ya tangi lisilokuwa na kitu cha kuiua. Baada ya kilomita kama 1,000, gari lililokuwa na tangi chafu lipimwe tena kwenye mlima, kwa sababu matope yaliyojificha kwenye pembe za tangi huachia taratibu, na hukimbilia kwenye chujio jipya.